Waya Umeanguka Nkoaranga: Mambo ya Kumwambia Mhudumu wa Dharura

Masika yakikolea kwenye miteremko ya Mlima Meru, udongo hulainika, na migrivea iliyopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa na migomba huanza kuinama. Upepo wa usiku mmoja ukiangusha tawi juu ya waya, kitongoji kizima kinabaki gizani. Mtu anapiga simu TANESCO, anasema "umeme umekatika huku kwetu," kisha anasubiri.

Taarifa ya namna hiyo inamfikishia fundi jambo moja tu, kwamba kuna giza mahali fulani. Hajui abebe ngazi na fyuzi, au aje na gari la kusimamishia nguzo. Hajui kama laini inapaswa kuzimwa kabla hajaondoka ofisini, wala aingie njia ipi akishaanza kupanda mlima. Atalazimika kuja kuangalia kwanza, na huenda akarudi kufuata vifaa. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kumpunguzia safari hiyo ya kwanza. Utamwambia ni waya gani umeharibika, nani ana umeme na nani hana, na nguzo yenyewe iko wapi. Lakini kabla ya yote hayo, hakikisha wewe na wenzako mko salama.

Kaa mbali kwanza

Waya ulioanguka au unaoning'inia uhesabu kuwa una umeme, hata kama nyumba zote za jirani ziko gizani. Waya wa msongo mkubwa ukigusa udongo mkavu, mawe au majani, umeme unaopenya kwenda ardhini unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba vifaa vya ulinzi haviutambui, na laini ikabaki hai. Isitoshe, laini nyingi zina brekari inayojirudisha yenyewe: ikitripu, inangoja kidogo kisha inajaribu kurudisha umeme. Waya uliolala kimya mbele yako unaweza kuamka bila mtu yeyote kubonyeza kitu.

Kaa angalau mita 10 kutoka kwenye waya na kutoka kwenye chochote ambacho waya huo unakigusa: tawi, uzio wa seng'enge, bati la banda, gari. Kama ardhi imelowa, au waya umeangukia karibu na mfereji wa kumwagilia, ongeza umbali. Umeme ukiingia ardhini husambaa, na nguvu yake hupungua kadiri unavyojitenga. Kwa hiyo mguu wako ulio karibu na waya unaweza kuwa kwenye volti nyingi kuliko mguu ulio mbali, na tofauti hiyo ndiyo inayopitisha umeme mwilini. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie wala usipige hatua ndefu. Bananisha miguu na uondoke kwa kuburuta nyayo, hatua fupi fupi. Ng'ombe huathirika kirahisi zaidi kwa sababu miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali. Ukimwona ng'ombe wa jirani ameanguka karibu na waya, usiende kumvuta.

Usijaribu kusogeza waya kwa fimbo kavu, kwa mwanzi au kwa kamba. Mbao inayoonekana kavu bado ina unyevu, na kwa msongo wa kilovoti 33 unyevu mdogo unatosha kuua. Kama mtu amenaswa, kuugusa mwili wake ni sawa na kuugusa waya. Piga simu, sema kuna mtu, na zuia wengine wasimkaribie mpaka mafundi wathibitishe kwamba laini imezimwa. Kama waya umeangukia gari, waliomo wabaki ndani maadamu gari haliwaki moto. Moto ukizuka, piga Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Mkiwa watu wawili au zaidi, gawaneni. Mmoja asimame juu ya njia na mwingine chini, wakiwa mbali, wawazuie watoto, bodaboda na wachungaji. Matawi yakiwekwa barabarani mapema, dereva anayeshuka usiku atajua kuna hatari mbele. Mwingine apige simu.

Tazama nguzo ukiwa mbali

Fundi akijua ni laini ipi, anajua nusu ya kazi. Huhitaji elimu ya umeme, hesabu tu nyaya na uangalie zimepangwaje.

Nyaya tatu zilizokaa sambamba juu kabisa ya nguzo, kila mmoja umeshikwa na kikombe kikubwa juu ya mkono wa mlalo, ni msongo mkubwa wa usambazaji. Kwa Tanzania huwa ni kilovoti 11 au 33. Waya mmoja wa hapa ukikatika, hatari ni kubwa na maeneo mengi huguswa. Kazi hii inahitaji laini kuzimwa kutoka kwenye swichi iliyo mbali na hapo, ndiyo maana inasaidia mhudumu aisikie mwanzoni kabisa mwa simu.

Nyaya nne zilizopangwa wima, mmoja chini ya mwingine, au fundo la nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja, ni msongo mdogo unaotoka kwenye transfoma kwenda kwenye nyumba. Ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, na volti 400 kati ya fezi na fezi. Hizi pia zinaua, ila mara nyingi fundi anaweza kuzizima palepale kwenye transfoma.

Waya mweusi unaotoka nguzoni kwenda kwenye nyumba moja ni sevisi. Ukining'inia chini kiasi cha kuguswa na mtu aliyebeba mzigo kichwani, au lori likiuvuta, ni dharura, ingawa inamhusu mteja mmoja.

Chini ya hizo huenda ukaona waya mnene wa simu au wa intaneti. Usiamue mwenyewe kwamba huo hauna umeme, kwa sababu unaweza kuwa umegusana na waya wa juu. Mweleze mhudumu unachokiona: "waya mnene mweusi wa chini kabisa, chini ya zile nne."

Kisha tazama nguzo yenyewe. Imevunjika au imeinama? Stei, yaani ule waya wa kuishikilia uliofungwa ardhini, umekatika? Kikombe kimepasuka? Tawi bado limelalia nyaya, na mti huo ni mnene kiasi gani? Kati ya "nguzo imevunjika katikati" na "waya umechomoka kwenye kikombe" kuna tofauti ya gari zima la vifaa. Vivyo hivyo, ukisema "mgrivea mnene umelalia nyaya," timu itajua ije na msumeno wa mashine.

Kama kuna transfoma karibu, angalia juu yake bila kuisogelea. Utaona mirija ya fyuzi, kwa kawaida mitatu, imesimama kwa mshazari. Fyuzi ikiungua, mrija wake hudondoka na kuning'inia. "Mrija mmoja kati ya mitatu umedondoka" ni sentensi fupi ambayo fundi angependa kuisikia akiwa bado hajawasha gari.

Uliza nani anao na nani hana

Wakati mwingine hakuna kitu kilichoanguka, kuna giza tu. Hapo ramani ya giza lenyewe ndiyo itakayokuonyesha tatizo lilipo.

Anza na nyumba yako. Kama kioo cha mita ya LUKU kinawaka na uniti zipo, lakini taa haziwaki, tatizo huenda liko kwenye swichi kuu au kwenye nyaya za ndani, na hiyo ni kazi ya fundi wako wa nyumbani mwenye leseni. Kama mita imezima na majirani wana umeme, tatizo huenda liko kati ya nguzo na mita yako.

Kama baadhi ya nyumba zinawaka na nyingine hazina kabisa, ingawa zote ziko kwenye nyaya zilezile, inaelekea fezi moja ya msongo mdogo imepotea. Taja nyumba mbili tatu za kila upande: hapa dukani upo, kwa jirani hakuna, kwenye mashine ya kusaga upo nusu. Mashine ya kusaga ni kipimo kizuri sana kijijini, maana mota yake hutumia fezi tatu. Fezi moja ikikosekana, mota hunguruma bila kuzunguka. Mwenye mashine aizime mara moja, la sivyo itaungua.

Kuna dalili nyingine inayofanana na hiyo lakini chanzo chake kiko juu zaidi. Ukikuta nyumba chache zina umeme mzuri na nyingi zina mwanga hafifu, kana kwamba volti zimekatwa nusu, inawezekana fezi moja imepotea upande wa msongo mkubwa, kabla ya transfoma. Hapo ndipo ile habari ya mrija uliodondoka inapokuwa na thamani. Ukisema "taa hafifu nyumba nyingi" badala ya "umeme hakuna," umemwelekeza fundi kwenye transfoma na sio kwenye nguzo za mtaani.

Dalili moja usiingoje hata dakika. Taa za nyumba moja zinang'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia, na zinabadilishana kila mtu anapowasha kitu. Hiyo mara nyingi ni nyutro iliyokatika au kulegea. Volti zinaweza kupanda hadi kuunguza friji na televisheni, hata kuwasha moto. Zima swichi kuu, waambie majirani wazime zao, kisha utoe taarifa ukitaja maneno hayo hayo: taa zinang'aa kupita kiasi kwa wengine, zinafifia kwa wengine.

Mwisho, tazama mbali. Kama kutoka mlimani unaona giza hadi Usa River na Tengeru, tatizo liko kwenye laini kubwa au zaidi ya hapo. Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu katika Gridi ya Taifa ilizima sehemu kubwa ya nchi, na usiku kama huo simu ya kusema "kwetu hakuna" haiongezi kitu. Lakini waya ulioanguka utoe taarifa hata siku ya giza la nchi nzima. Gridi ikirudi, na waya huo utarudi nayo.

Elekeza mahali kwa mtu asiyepajua

Namba ya bure ya TANESCO ni 180. Anayepokea anahudumia wateja wa nchi nzima, na huenda hajawahi kufika Meru. Hapa ndipo taarifa nyingi za Nkoaranga zinapopotea, kwa sababu majina ya huku yanafanana: Nkoaranga, Nkoarisambu, Nkoanrua, Nkoanekoli. Kwenye simu yenye mawimbi hafifu, masikio yanashika "Nkoa" tu. Lisome jina herufi kwa herufi, kisha lizungushie ngazi zote: Mkoa wa Arusha, Wilaya ya Arumeru, Halmashauri ya Meru, Kata ya Nkoaranga, kijiji, kitongoji. Halafu ongeza alama ambayo kila dereva anaijua, mfano Hospitali ya Nkoaranga, na useme ni juu yake au chini yake kuelekea barabara kuu ya Arusha–Moshi. Huku mlimani "juu" na "chini" zinaeleweka vizuri kuliko kaskazini na kusini.

Njia ya pili ni namba ya mita ya LUKU, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 11. Iko kwenye mita yenyewe na kwenye meseji ya kila ununuzi wa umeme. Kwa namba hiyo mhudumu anaweza kumpata mteja kwenye kumbukumbu za shirika. Hata kama kwako upo umeme, soma namba ya mita ya nyumba iliyo karibu zaidi na nguzo iliyoharibika, na useme wazi kwamba ni ya jirani wa karibu na tatizo.

Njia ya tatu ni namba au alama iliyoandikwa kwenye nguzo au kwenye transfoma. Kama inasomeka ukiwa mbali, isome yote pamoja na herufi zake. Kama waya umelala chini ya nguzo hiyo, nenda nguzo ya pili au ya tatu, soma ya hapo, kisha useme: "iliyoharibika ni ya pili kutoka hii, kuelekea juu."

Kibao cha anwani ya makazi nacho kinafaa. Kama nyumba ya karibu ina namba na jina la njia kutoka kwenye operesheni ya mwaka 2022, vitaje.

Mwenye simu janja ana njia ya nne. Fungua ramani, bonyeza kwa muda mahali ulipo, zitokee namba mbili. Kwa Nkoaranga ya kwanza itaanza na -3.3 na ya pili na 36.8. Zikianza tofauti na hivyo, umebonyeza mahali pengine. Soma tarakimu nne baada ya nukta: tarakimu ya nne inapunguza kosa hadi kama mita 11, umbali mfupi kuliko kati ya nguzo na nguzo. Ukiishia tarakimu mbili, kosa linaweza kufika kilomita moja, na kwenye mlima huu kilomita moja inaweza kukuvusha korongo zima.

Simu moja iliyokamilika

Tuseme ni jioni ya Aprili. Tawi limekata waya kwenye njia ya mashambani, chini ya hospitali. Mama mwenye duka ameona, amesimama mbali, ameshauliza majirani. Anapiga simu.

"Habari za jioni dada. Naripoti hatari. Waya wa umeme umekatika na uko chini, pembeni ya njia ambayo watu wanapita. Hakuna aliyeumia."

"Pole sana mama. Uko wapi?"

"Mkoa wa Arusha, Wilaya ya Arumeru, Kata ya Nkoaranga. Nakusomea herufi: N, K, O, A, R, A, N, G, A. Ni chini ya Hospitali ya Nkoaranga, kama unashuka kwenda barabara kuu ya Moshi. Njia inaingia kushoto, mwanzoni pana duka la bati la bluu, na nguzo ni ya tatu kutoka dukani. Nina namba ya mita ya nyumba iliyo karibu nayo. Nikusomee?"

"Nisomee. Ni waya gani huo?"

"Nguzo ina nyaya nne zilizopangwa wima. Uliokatika ni wa juu kabisa. Zile tatu za msongo mkubwa hazipiti hapa. Nguzo imesimama vizuri. Tawi la mgrivea bado limelalia nyaya zilizobaki, unene wake kama paja."

"Nyumba ngapi hazina umeme?"

"Baada ya nguzo hiyo baadhi ya nyumba ziko gizani kabisa, nyingine zinawaka. Kabla ya nguzo, kuanzia dukani, zote zina umeme. Ilitokea saa kumi na mbili na nusu, upepo ulipovuma. Njia ina matope, gari dogo halipandi. Jirani mmoja ana jenereta, tumemwambia asiiwashe. Kijana mmoja anawasubiri njia panda, namba yake ni hii."

Hapo fundi ana kila kitu. Umeme upo hadi nguzo ya tatu, kwa hiyo transfoma na fyuzi zake bado zinafanya kazi, na tatizo linaanzia hapo hapo. Ni msongo mdogo, unaweza kuzimwa kwenye transfoma. Hahitaji nguzo mpya. Anahitaji waya, viungio, ngazi, msumeno na gari linaloweza matope. Zingatia pia kwamba mama alianza na neno "hatari," akataja hali ya watu, ndipo akaeleza mahali. Kama simu ingekatika baada ya sekunde 20, kilicho muhimu zaidi kingekuwa kimeshafika.

Baada ya simu

Omba namba ya taarifa na uiandike pamoja na saa uliyopiga. Ukipiga tena, anza na namba hiyo ili isifunguliwe taarifa mpya ya tatizo lilelile. Piga tena mara tu hali ikibadilika: waya umeanza kutoa cheche, nguzo imezidi kuinama, umeme umerudi nyumbani huku waya bado uko chini. Hili la mwisho lina haraka kuliko yote. Majirani nao wapige kwa namba za mita zao, ila kubalianeni jina moja la mahali, maana kitongoji kimoja kikitajwa kwa majina matatu kinaweza kuonekana kama matukio matatu.

Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Ana namba za watu wengi, na ndiye atakayefungua geti la shamba au kumwita mwenye mti unaopaswa kukatwa.

Wenye jenereta, au sola yenye inverta iliyounganishwa na nyaya za nyumba, wazitenganishe na laini ya TANESCO. Umeme wa jenereta ukirudi nguzoni bila swichi ya kubadilishia, unaweza kupita kwenye transfoma kinyumenyume na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu anaamini laini imezimwa. Kama huna uhakika na jenereta za eneo lenu, mwambie fundi akifika kwamba zipo na ziko nyumba zipi.

Kishoka akija na pinde za kupandia nguzo na kusema atawaunganishia mpate umeme mapema, mkatalieni. Hana mamlaka ya kuzima laini, na hana mawasiliano na wanaoiwasha. Mafundi wa shirika wakifika watazima, watapima kama umeme umekwisha, na kwenye msongo mkubwa watafunga nyaya za kuunganisha laini na ardhi kabla ya kuigusa. Hatua hizo zinachukua muda, na kutoka pembeni zinaweza kuonekana kama uzembe. Msiwaharakishe.

Umeme ukirudi, angalia taa mbili tatu kabla ya kuchomeka friji. Zikiwa hafifu au kali kupita kawaida, zima swichi kuu na umpigie mhudumu ukitaja namba ileile ya taarifa kabla mafundi hawajafika barabara kuu.